Linki Iliyokatika Haipigi Kelele

Tuchukue kampuni ya kuuza mbegu, mbolea na dawa za mimea yenye matawi matano: Moshi, Arusha, Babati, Singida na Dodoma. Kampuni yenyewe ni ya mfano, lakini yatakayoipata hapa huzipata ofisi nyingi kila mwisho wa mwezi. Kila tawi lina faili lake la Excel, na mafaili yote hukaa kwenye folda ya pamoja ambayo kila ofisi inaweza kuifungua. Makao makuu yako Arusha. Mhasibu wa huko ana faili la sita, `Majumuisho.xlsx`, lenye shiti moja tu: matawi yamepangwa kushuka, mbele ya kila tawi kuna mauzo ya mwezi, na chini kabisa ipo jumla. Hachapi hata namba moja kwa mkono. Kila seli huenda yenyewe kuchota namba kwenye faili la tawi kwa fomula ya namna hii:

```
='S:\Mauzo\[Moshi.xlsx]Jumla'!$B$14
```

Isomeke hivi: kwenye diski S, ndani ya folda ya Mauzo, kuna faili `Moshi.xlsx`, ndani ya faili hilo kuna shiti iitwayo Jumla, na kwenye shiti hiyo tunataka seli ya safu B, mstari wa 14. Mabano ya mraba hushika jina la faili, na alama za dola huzuia anwani isihame fomula inaponakiliwa. Wengi huiogopa fomula hii kwa urefu wake, na bure, maana hakuna anayelazimika kuiandika herufi kwa herufi. Unafungua mafaili yote mawili, unaandika alama ya `=` kwenye majumuisho, unahamia faili la tawi, unabofya seli unayoitaka, kisha Enter. Excel hujaza mengine.

Mwezi wa Agosti jumla ilitoka shilingi 184,000,000. Septemba ikatoka 187,300,000, yaani ongezeko la milioni tatu na laki tatu, na taarifa ikapanda kwa mkurugenzi ikiwa na mshale wa kijani. Ukweli ni kwamba Septemba kampuni iliuza 180,000,000. Mauzo yalikuwa yameshuka kwa milioni nne.

Hakuna aliyeiba wala aliyekosea kujumlisha. Mwanzoni mwa Septemba karani wa Babati alifungua faili lake, akalihifadhi upya kwa jina la `Babati MPYA.xlsx`, na lile la zamani akalisogeza kwenye folda ya kumbukumbu. Kwake huo ulikuwa usafi. Mhasibu alipofungua majumuisho mwisho wa mwezi, Excel iliuliza kama isasishe linki, akabofya `Update`. Matawi manne yakasasishwa. Babati halikuonekana, Excel ikaonyesha ujumbe kwamba baadhi ya linki hazikusasishika, ikiwa na vitufe viwili: `Continue` na `Edit Links`. Akabofya `Continue`, kama watu wengi wanavyofanya kwa ujumbe wowote unaowachelewesha. Kwenye mstari wa Babati ikabaki 22,400,000, ambayo ni mauzo ya Agosti. Ya Septemba yalikuwa 15,100,000.

Hapa ndipo panapohitaji kueleweka vizuri, kwa sababu watu wengi wanaamini kwamba linki ikikatika utaona kosa kubwa jekundu. Excel inapochota namba kutoka faili jingine, haitunzi fomula peke yake. Hutunza pia, ndani ya faili la majumuisho, nakala ya namba ya mwisho iliyoipata. Ndiyo maana unaweza kufungua majumuisho ukiwa kwenye basi, bila mtandao na bila diski S, ukaona jedwali limejaa. Ni huduma nzuri, na ndiyo hiyo hiyo inayoficha hasara: faili la tawi likitoweka, seli haiachwi tupu wala haiandikwi kosa. Inaendelea kuonyesha namba ya zamani, kwa rangi ile ile na mpangilio ule ule, katikati ya namba mpya.

Kwa hiyo `#REF!`, ambayo kila mtu huichukia, ni ya afadhali. Mara nyingi hutokea pale faili linapopatikana lakini shiti iliyotajwa kwenye fomula haimo tena, labda kwa sababu karani ameibadilisha jina kutoka Jumla kuwa Jumla Kuu. Angalau inasema kwamba kuna kitu kimeharibika, na jumla ya chini nayo inageuka `#REF!` hadi mtu ashughulike.

Kuna aina ya tatu ya uharibifu, mbaya kuliko zote mbili, kwa sababu linki yenyewe ni nzima. Oktoba, tawi la Singida lilianza kuuza mabomba ya kupulizia dawa. Karani akaingiza mstari mmoja mpya katikati ya orodha ya bidhaa. Jumla yake, iliyokuwa mstari wa 14, ikashuka hadi mstari wa 15. Ndani ya faili la Singida kila kitu kilibaki sahihi, maana Excel hurekebisha fomula zote za faili lililo wazi. Lakini `Majumuisho.xlsx` lilikuwa limefungwa kwenye kompyuta ya Arusha, na faili lililofungwa halipati habari za mstari mpya. Fomula iliendelea kudai `$B$14`. Kwenye mstari wa 14 sasa kulikuwa na mbolea ya kukuzia, 12,600,000, na hiyo ndiyo iliyopanda Arusha kama mauzo yote ya Singida. Jumla halisi ilikuwa 21,050,000. Hakuna ujumbe wowote uliotokea, kwa sababu kwa mtazamo wa Excel hakuna kilichoharibika: imeambiwa B14, imeleta B14. Na 12,600,000 si namba ya kushtua. Ni mwezi mbaya tu, mvua zimechelewa, mtu angesema.

Kosa la kimya la kujumuisha namba lina mfano mkubwa uliojulikana dunia nzima. Uingereza, kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 mwaka 2020, wagonjwa 15,841 wa Uviko-19 hawakuingia kwenye hesabu ya kila siku. Majibu ya maabara yalikuwa yanakusanywa kwenye mafaili ya Excel ya aina ya zamani, `.xls`, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Mistari iliyozidi hapo haikuingia, na iliyoingia ilionekana kama orodha kamili. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta waliokutana nao ikachelewa. Si linki iliyokatika, ni chombo kilichojaa. Ila dalili ni ile ile, yaani hakuna dalili.

Turudi Arusha. Mhasibu aliligundua la Babati wiki mbili baadaye, meneja wa tawi alipolalamika kwenye simu kwamba Septemba ilikuwa mbaya. Mbaya vipi, na hapa inaonekana sawasawa na Agosti? Sawasawa kabisa, hadi shilingi ya mwisho. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuitafuta kwa macho: namba ya mwezi huu ikilingana kikamilifu na ya mwezi uliopita, usiifikirie biashara kwanza, fikiria linki. Akampigia karani.

"Dada, nililibadilisha jina nisije nikalichanganya na la mwezi uliopita," karani alijibu.

"Na la zamani uliliweka wapi?"

"Nimelitunza, lipo. Sikulifuta."

Kulirekebisha si kazi ngumu, mradi mtu asifanye haraka. Kwenye Excel ingia `Data`, kisha `Edit Links`. Kwenye matoleo mapya kitufe hicho huitwa `Workbook Links` na orodha hufunguka upande wa kulia. Utaona kila faili ambalo majumuisho yanalitegemea. Kwenye dirisha la zamani bofya `Check Status`, na mbele ya kila faili itaandikwa hali yake: `OK` kwa lililopatikana, `Error: Source not found` kwa lililopotea. Orodha hii peke yake ingemwokoa mhasibu Septemba. Inachukua muda mfupi kuisoma, na ningeifanya iwe sharti kabla taarifa yoyote haijatoka nje ya chumba.

Faili la Babati likishajulikana kuwa limepotea, kuna njia mbili. Ya kwanza ni `Change Source`: unalichagua faili lililopotea kwenye orodha, unaonyesha `Babati MPYA.xlsx`, na linki zote zilizokuwa zikielekea faili la zamani zinahamishwa kwa pamoja. Ya pili, ambayo mimi naipendelea, ni kumwomba karani alirudishie faili jina lake, `Babati.xlsx`, kisha kubofya `Update Values`. Napendelea hii kwa sababu `Change Source` huponya majumuisho ya kompyuta moja tu. Kama mkaguzi au meneja wa mauzo naye ana shiti yake inayochota Babati, yake bado imekufa. Na jina likibadilishwa leo likakubaliwa, mwezi ujao litakuja `Babati MPYA 2`. Kwa vyovyote vile, kabla ya kubadilisha lolote, lifungue faili hilo na uhakikishe kuwa ndilo lenye namba za mwezi unaoutaka.

Karibu na vitufe hivyo kipo kingine, `Break Link`, na jina lake linawavuta watu wanaotaka ule ujumbe wa kero usionekane tena. Usikiguse kwenye faili unaloendelea kulitumia. Kinachofanya ni kufuta fomula na kuacha namba iliyopo, ikiwa ngumu kama imechapwa kwa mkono. Ukikibofya Babati ikiwa na namba ya Agosti, namba ya Agosti itabaki hapo milele, na safari hii hata onyo halitakuwepo. `Ctrl+Z` haikirudishi.

Wakati mwingine orodha inasema kuna linki ya faili fulani, lakini ukitafuta kwenye shiti huioni. Bonyeza `Ctrl+F`, andika `.xlsx`, kwenye `Options` chagua kutafuta ndani ya `Workbook` nzima na kwenye `Formulas`. Usipoipata, imejificha mahali ambapo utafutaji huo haufiki: kwenye majina ya seli, ambayo utayaona kwa `Ctrl+F3`, kwenye orodha za kuchagulia, au kwenye chati iliyonakiliwa kutoka faili jingine ikaja na asili yake. Mara nyingi ni jina la seli. Mtu alinakili shiti nzima kutoka faili la mwaka juzi, na majina yake yakafuata nyuma bila kuitwa.

Sababu kubwa ya linki kukatika katika ofisi zetu, hata hivyo, si majina ya seli. Ni WhatsApp. Karani anatuma faili kwenye kundi, mhasibu analipakua, na kwa kuwa folda ya `Downloads` tayari ina faili la jina hilo, kompyuta inaliita `Babati (1).xlsx`. Sasa kuna Babati mbili zinazofanana sura, na fomula inaijua moja tu. Ya pili kwa ukubwa ni linki iliyotengenezwa kwenye kompyuta ya mtu binafsi, ikianza na `C:\Users\`, ambayo kwenye kompyuta ya jirani haina maana yoyote. Mafaili yanayochotana yakae folda moja, na yakihamishwa yahamishwe kwa pamoja. Excel hulitafuta faili la chanzo kwa kulinganisha na mahali majumuisho yalipo, hivyo folda ikihama nzima, linki kwa kawaida hunusurika.

Haya yote bado ni kutibu. Kinachobadilisha mambo kweli ni kuacha kuchota namba peke yake. Namba ikisafiri bila jina wala tarehe, ikifika Arusha hakuna anayeweza kuijua umri wake. Kwa hiyo kila tawi liongezewe shiti moja ndogo, tuseme `KWA_MAKAO`, ambayo haina kazi nyingine ila kukabidhi. Seli `B1` ina jina la tawi. `B2` ina mwezi, ulioandikwa kama namba moja, 202509 kwa Septemba 2025. `B3` ina jumla ya mauzo, na `B4` tarehe ambayo karani amefunga hesabu. Jumla ya `B3` haichapwi. Ni fomula ya ndani ya faili:

```
=Jumla!B14
```

Angalia kilichotokea kwa tatizo la Singida. Karani akiingiza mstari wa mabomba, fomula hii iko kwenye faili lile lile, kwa hiyo Excel inaigeuza yenyewe kuwa `B15`. Majumuisho hayajui na hayana haja ya kujua, kwa kuwa yanachota `KWA_MAKAO`, `B3`, ambako hakuna mtu mwenye sababu ya kuingiza mstari. Shiti hiyo ifungwe kwa `Protect Sheet`, ibaki wazi seli ya mwezi na ya tarehe tu.

Kwenye majumuisho sasa kila tawi lina seli tano badala ya mbili. Safu A ni jina la tawi lililochapwa na mhasibu. B, C na D zinachota jina, mwezi na mauzo kutoka faili la tawi. Juu, kwenye `C1`, mhasibu ameandika mwezi anaoutaka, 202509. Kisha kwenye safu E anaweka mlinzi:

```
=IF(AND(B5=A5, C5=$C$1), D5, NA())
```

Maana yake: kama jina lililokuja ni la tawi hili, na mwezi uliokuja ni mwezi tunaoutaka, lete mauzo, la sivyo andika `#N/A`. Jumla ya chini inajumlisha safu E, na `SUM` ikikutana na `#N/A` hata moja, nayo inakuwa `#N/A`. Turudie Septemba kwa mpango huu. Faili la Babati limebadilishwa jina. Excel inaonyesha namba ya zamani, 22,400,000, lakini namba hiyo imekuja na mwezi wake wa zamani, 202508. Haulingani na 202509. Mstari wa Babati unageuka `#N/A`, jumla inageuka `#N/A`, na taarifa haiwezi kutoka. Mhasibu anapiga simu tarehe mosi badala ya katikati ya mwezi.

Mwezi umeandikwa kwa tarakimu kwa makusudi. Ukiwaachia makarani watano waandike Septemba, utapata Sept, September, na Septemba yenye nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni lakini Excel inaiona. Na karani akisahau kuujaza kabisa, seli tupu inapochotwa na linki hufika kama 0, ambayo pia haitalingana na mwezi wowote. Upande wa mauzo ndio wenye hatari: seli tupu ya `B3` nayo ingefika kama 0, na tawi lisilojaza lingefanana na tawi lisilouza. Ndiyo sababu ya kuweka fomula pale, isiwe seli ya kuchapwa.

Mlinzi huyu ana upofu wake. Hawezi kujua kama mwezi ni sahihi lakini hesabu haijakamilika, kwa mfano linki iliyochota tarehe 24 kisha ikakatika kabla ya tarehe 30. Kwa hilo kuna `B4`. Ichote pia, iweke pembeni, na uisome kwa macho. Tawi lililofunga tarehe 24 wakati wengine wamefunga tarehe 30 litaonekana lenyewe.

Jedwali lenye `#N/A` linachukiza, na hapo ndipo mtu mwerevu wa ofisi hutokea na `IFERROR`. Anaizungushia kila fomula ili kosa lolote lionyeshe 0, na jedwali linapendeza. Sijui fomula iliyoharibu taarifa nyingi kuliko hii. Sifuri ni namba. Inajumlishwa, inachorewa chati, inaingia kwenye wastani. Kuandika kwamba Babati limeuza 0 ni uongo wa aina nyingine kabisa na kuandika kwamba hatujui Babati limeuza nini. Kama `#N/A` inaumiza macho, andika maneno "HAIJAFIKA" kwenye safu ya pembeni na uache jumla ikatae kutoka.

Mtego mwingine wa werevu ni `INDIRECT`, fomula inayounda anwani kutokana na maandishi, ili mtu abadilishe mwezi kwenye seli moja na linki zote zihame. Kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza inafanya kazi vizuri, kwa sababu ana mafaili yote matano wazi. Ikifunguliwa mafaili ya matawi yakiwa yamefungwa, inatoa `#REF!` kila mahali. `SUMIF` na `SUMIFS` zina ugonjwa wa jamii hiyo: zikielekezwa kwenye faili lililofungwa hutoa `#VALUE!`. Fomula ya kawaida ya `=` haina shida hiyo, wala `SUM`, wala `VLOOKUP`. Ukitaka kujumlisha kwa masharti, jumlisha ndani ya faili la tawi na uchote jibu.

Ofisi zinazotumia Google Sheets zina fomula yao, `IMPORTRANGE`, na mambo yake yamegeuka kidogo. Unaipa anwani ya faili na sehemu unayoitaka:

```
=IMPORTRANGE("ANWANI_YA_FAILI", "KWA_MAKAO!B1:B4")
```

Mara ya kwanza itatoa `#REF!`. Weka kishale juu ya seli, bofya `Allow access`, na namba zinaingia. Huko faili hutambulika kwa namba ndefu iliyo ndani ya anwani yake, si kwa jina. Karani wa Babati angelibadilisha jina mara kumi bila kukata kitu. Lakini akibofya `Make a copy` kuanzisha mwezi mpya, nakala hiyo inapata namba mpya ya utambulisho, na majumuisho yanaendelea kusoma faili la zamani, ambalo lipo, ni zima, na halijazwi tena na mtu. Ni Babati ile ile imeingia kwa mlango mwingine. Mlinzi wa mwezi anamkamata hapa pia.

Ruhusa nayo ina mambo mawili ya kujua. Inadumu mpaka aliyeitoa aondolewe kwenye faili la chanzo. Mhasibu aliyebofya `Allow access` akiacha kazi na kuondolewa kwenye mafaili, linki zake zinaweza kukatika siku hiyo hiyo, na watu wakadhani ni mtandao. Tena, ruhusa ikishatolewa, yeyote anayeweza kuhariri majumuisho anaweza kuandika `IMPORTRANGE` nyingine na kuchota sehemu yoyote ya faili la tawi, si zile seli nne tu. Kama faili la tawi lina shiti ya mishahara, ihamishe kwanza.

Matawi yakifika ishirini au thelathini, linki za seli moja moja huchosha, na Excel ina njia ya kusoma folda nzima kwa mkupuo: `Data`, `Get Data`, `From File`, `From Folder`. Inaunganisha mafaili yote yenye mpangilio mmoja, na faili likibadilishwa jina bado linasomwa, kwa kuwa inasoma folda. Ni nzuri. Ila tawi ambalo faili lake halimo kwenye folda halileti kosa lolote. Linapungua tu kwenye orodha. Hesabu matawi yaliyofika kwa `COUNTA`, linganisha na idadi unayoijua, kabla ya kutazama shilingi.

Mwezi ukishafungwa na jumla imekubalika, hifadhi nakala kwa `Save As`, tuseme `Majumuisho 202509.xlsx`, na hapo ndipo `Break Link` ina kazi yake halali. Vunja linki zote kwenye nakala hiyo. Namba zinakuwa ngumu, na Oktoba ikiingia kwenye mafaili ya matawi haitaigeuza Septemba iliyokwisha kusainiwa. Nakala hiyo ndiyo ya kumtumia mkurugenzi na benki. Ukiwatumia lenye linki, wataulizwa kama wasasishe, watabofya ndiyo, kompyuta yao itaitafuta diski S isiyokuwepo, na utapigiwa simu ya kuuliza kama faili lina virusi.